Kusoma hesabu za mwaka mbele ya wanachama: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni ya waweka hazina na makatibu wa vyama vya kusaidiana: vya kufa na kuzikana, vya wazaliwa wa sehemu moja, vya mtaa. Ili tusizungumze hewani, majibu yote yanatumia chama kimoja cha mfano. Kina wanachama 64, ada ni shilingi 10,000 kwa mwezi, kina viti na turubai vya kukodisha, na hutoa mikopo midogo ya dharura isiyo na riba. Mwaka wake wa fedha unaanza Januari na kuishia Desemba. Chama hiki hakipo, ila ukikaa kwenye mkutano mkuu wowote wa namna hii Dar es Salaam utakuta hesabu zinazofanana na zake.

Wanachama wanataka kujua nini hasa?

Mambo mawili: fedha zetu ziko wapi, na je, zinatosha nikifiwa mwezi ujao. Mengine yote wanayouliza yanatoka humo. Taarifa nyingi zinazosomwa mikutanoni hazijibu hata moja kati ya haya. Zinaanza na orodha ya stakabadhi, zinapita kwenye vifungu ishirini vya matumizi, na salio linatajwa mwishoni kabisa, wakati watu wameshaanza kutazama milango. Geuza mpangilio. Salio litajwe kwanza, kisha tulifikaje hapo, kisha hali ikoje mbele.

Ukurasa wa kugawa uwe na nini?

Karatasi moja ya A4, upande mmoja kwa tarakimu na wa pili kwa picha. Upande wa tarakimu wa chama chetu ungesomeka hivi:

```
Tulianza mwaka na        3,400,000
Ziliingia                9,200,000
Zilitumika               7,200,000
Tulikopeshana            1,500,000
Mikopo iliyorudi         1,100,000
Tumemaliza mwaka na      5,000,000
```

Chini yake iwepo mistari mitatu ya mahali fedha zilipo tarehe 31 Desemba: benki 4,730,000, kwenye simu ya chama 245,000, taslimu mkononi mwa mweka hazina 25,000. Jumla yake ni 5,000,000 ileile. Mwanachama aliyesoma mpaka darasa la saba anaweza kukaa na kalamu akajumlisha, na atapata jibu hilohilo. Huo ndio mtihani wa karatasi: kama mtu hawezi kuihakiki akiwa amekaa kwenye kiti chake, bado haijaiva.

Kinachofuata ni mchanganuo mfupi wa mapato na matumizi. Mapato yalikuwa ada 6,840,000, kukodisha viti na turubai 1,975,000, viingilio 200,000 na faini 185,000. Matumizi yalikuwa rambirambi 3,400,000, viti vipya 1,800,000, matengenezo na usafiri wa vifaa 620,000, mkutano mkuu 540,000, misaada ya wagonjwa 500,000, na uendeshaji 340,000. Vifungu sita vya matumizi vinatosha. Bei ya kalamu, nauli ya kwenda benki na makato ya miamala vyote viingie kwenye uendeshaji. Anayetaka undani, daftari liwe mezani siku hiyo afungue mwenyewe.

Ziliingia 9,200,000, zikatumika 7,200,000. Mbona salio halikuongezeka kwa milioni 2?

Swali hili huulizwa kila mwaka, na anayeuliza ana haki. Ziada ni 2,000,000, lakini salio limetoka 3,400,000 hadi 5,000,000, yaani ongezeko la 1,600,000. Zile 400,000 zinazoonekana kupotea ziko mikononi mwa wanachama waliokopa. Tulikopeshana 1,500,000, zikarudi 1,100,000.

Tatizo linaanza pale mweka hazina anapoweka mikopo kwenye matumizi, au marejesho kwenye mapato. Akifanya hivyo, hesabu inafunga vizuri tu na salio linakuwa sahihi, kwa hiyo hata mkaguzi asiye makini hupita. Ila picha ya mwaka inaharibika. Matumizi yanaonekana 8,700,000 na mapato 10,300,000, na wanachama wanaondoka wakiamini kwamba chama kimechuma zaidi na kutumbua zaidi. Fedha iliyokopeshwa haijatumika, na fedha iliyorejeshwa si mapato, kwa sababu ilikuwa yetu tangu mwanzo. Ndiyo maana katika ile mistari sita mikopo ina mistari yake yenyewe.

Wakati wa kusoma, sema hivi: "Ndugu wanachama, tumebakiwa na ziada ya milioni mbili. Milioni moja na laki sita imeongezeka kwenye salio letu. Laki nne ziko kwa wenzetu waliokopa, na zinatakiwa kurudi kabla ya mwisho wa Machi." Sentensi tatu, na swali limekwisha kabla halijaulizwa.

Ada ambazo hazijalipwa tuziandike wapi?

Pembeni, kwenye kisanduku chao, kamwe si ndani ya mapato. Chama chetu kilianza mwaka na wanachama 60, na wanne wakajiunga Julai. Kwa hiyo ada iliyotarajiwa ilikuwa 60 mara 120,000, ongeza 4 mara 60,000, ambayo ni 7,440,000. Iliyolipwa ni 6,840,000. Bado 600,000.

Andika: "Ada tunazodai: 600,000, kutoka kwa wanachama 9. Fedha hizi hatuna." Maneno hayo matatu ya mwisho yaache yalivyo, makavu. Nimeona vyama vinavyojumlisha madeni ya ada kwenye "mali za chama" kisha kupanga bajeti juu ya jumla hiyo, na kufikia Mei hakuna hata fedha ya kukodi gari la msiba.

Angalia pia umri wa deni. Deni la Novemba na Desemba ni uchelewaji wa kawaida wa mwisho wa mwaka. Deni la watu ambao hawajaonekana tangu Februari ni jambo lingine kabisa, na huenda katiba inasema wameshapoteza uanachama. Mstari mmoja wa kutenganisha hayo mawili unafaa kuliko ukurasa mzima wa majina.

Tuwataje wadaiwa?

Idadi na jumla zinatosha kwenye karatasi. Mdaiwa aambiwe mwenyewe, kwa barua au simu ya katibu, kabla ya mkutano. Kama katiba yenu inataka majina yasomwe, yasomwe kwa mdomo ndani ya mkutano na yaishie humo. Karatasi hupigwa picha, picha huingia kwenye makundi ya WhatsApp, na kesho deni la mtu linajadiliwa na shemeji zake. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu mwaka 2022 na Kenya ina ya kwake tangu 2019. Kamati inayosambaza madeni ya watu ovyo ijue inachezea nini.

Viti vipya ni matumizi au ni mali?

Ni vyote viwili, na hapo ndipo mjadala hupamba moto. Fedha ya kununua viti 100 kwa 18,000 kila kimoja imetoka kweli, kwa hiyo lazima ionekane kwenye matumizi. Lakini rambirambi ikitolewa imekwenda, na viti vipo stoo. Kwa chama kidogo kinachoweka hesabu za fedha taslimu, inayoingia na inayotoka, njia rahisi ni kuiacha 1,800,000 kwenye matumizi, kuipa mstari wake, na kuambatanisha orodha ya vifaa: viti vingapi vizima, vingapi vimevunjika, turubai ngapi. Idadi itoke kwa mtu aliyekwenda stoo akahesabu. Isinakiliwe kutoka orodha ya mwaka jana.

Ukishautenganisha mstari huo, unaweza kueleza kupanda kwa matumizi bila jasho. Mwaka uliotangulia chama kilitumia 4,400,000 na mwaka huu 7,200,000. Ongezeko ni 2,800,000. Katika hilo, 1,800,000 ni viti, 800,000 ni kupanda kwa jumla ya rambirambi kutoka 2,600,000 hadi 3,400,000, maana misiba ilizidi ya mwaka jana kwa miwili, na 200,000 ni mengineyo yote. Mtu aliyekuja na hasira ya "mmekula milioni tatu" anabaki na laki mbili za kuhoji, na hizo zina stakabadhi.

Tahadhari moja: usiseme viti vimeingiza 1,975,000 kama vile ni faida. Ondoa kwanza 620,000 za matengenezo na kirikuu cha kuvibeba. Kinachobaki ni 1,355,000.

Picha ngapi, na zipi?

Tatu. Ya nne huwa ni ya kumfurahisha aliyeichora.

Picha ya kwanza ni ya safari ya salio. Chora mhimili mmoja mrefu wa kusimama wa 3,400,000 upande wa kushoto, ulioandikwa "tulianza". Unaofuata hauanzi sakafuni. Unaanza pale wa kwanza ulipoishia na kupanda kwa 9,200,000. Wa tatu unaanzia juu hapo na kushuka kwa 7,200,000. Wa nne unashuka kwa 400,000 za mikopo ambayo bado iko nje. Wa mwisho unasimama tena sakafuni, 5,000,000, "tumebaki". Mtu anaona fedha zikipanda na kushuka hadi zilipo leo. Yanayopanda yawe rangi moja na yanayoshuka rangi nyingine.

Picha ya pili ni mihimili ya kulala ya matumizi, vifungu sita, kutoka kirefu hadi kifupi, na chini ya kila mmoja mhimili mwembamba wa kijivu wa mwaka uliotangulia. Ilazwe kwa sababu majina ya vifungu ni marefu. Ukiyapanga chini ya mihimili iliyosimama yanalazimika kuandikwa kiupandeupande na wasomaji wanapindisha shingo. Tarakimu iandikwe mwishoni mwa mhimili wenyewe, na mistari ya vipimo nyuma yake ifutwe.

Ya tatu ndiyo ninayoipigania zaidi, na ndiyo inayokosekana karibu kila mahali: salio la mwisho wa kila mwezi, nukta kumi na mbili zilizounganishwa kwa mstari. Jumla za mwaka huficha jambo hili. Chama chetu kimemaliza mwaka na milioni 5, juu ya milioni 3.4 kilizoanza nazo, na ukiangalia hapo tu utasema hali ni shwari. Sasa fuata mstari. Mwisho wa Mei salio lilikuwa karibu milioni 4.6. Juni vikanunuliwa viti, na kati ya Juni na Agosti ikatokea misiba minne, wakati huohuo mikopo yote ya mwaka ilitolewa Julai na Agosti. Mwisho wa Agosti salio lilikuwa 1,300,000.

Rambirambi ya mwanachama, mwenza au mtoto katika chama hiki ni 600,000. Kwa hiyo usiku wa tarehe 31 Agosti chama kilikuwa na uwezo wa misiba miwili mikubwa. Wa tatu ungekuta mfukoni laki moja tu, na hakuna mwanachama hata mmoja aliyejua. Chora juu ya picha hiyo mstari wa nukta wa kulala kwenye 1,800,000, yaani misiba mitatu mikubwa, na waulize wanachama kama wanataka uwe ukomo wa chini: salio likiugusa, mikopo na manunuzi yasimame hadi litakapopanda. Huo ni uamuzi ambao mkutano unaweza kuupitisha kwa dakika kumi, na hauwezi kuufikiria kabisa kama umeoneshwa jumla za mwaka peke yake.

Weka alama ndogo kwenye miezi yenye mambo: "viti" Juni, "misiba 2" Agosti. Mstari unaoshuka bila maelezo unazaa uvumi.

Mbona hakuna chati ya duara? Inapendeza.

Inapendeza kweli. Lakini jaribu kutofautisha kwa macho kipande cha 540,000 na cha 500,000 kwenye duara la milioni 7.2, hasa likiwa limetolewa fotokopi ambapo bluu na kijani vyote vimekuwa kijivu. Duara linafaa vipande viwili au vitatu. Kama wajumbe wanalililia, weka vipande vitatu: misiba na wagonjwa, viti, mengineyo.

Au sema kwa mdomo, maana masikio hushika zaidi: katika kila shilingi elfu moja tuliyotumia, karibu 540 zilikwenda kwa wafiwa na wagonjwa, 250 zilinunua viti, na karibu 210 zilifanya mengine yote. Watu watarudia maneno hayo nyumbani. Asilimia hawatazirudia.

Picha inaweza kudanganya bila mtu kukusudia?

Inaweza, na njia ya kawaida ni mhimili usioanza sifuri. Programu za kompyuta mara nyingine huchagua zenyewe pa kuanzia. Ukilinganisha gharama za mkutano mkuu za miaka miwili, 510,000 na 540,000, na kipimo kikaanzia 500,000, mhimili wa mwaka huu utaonekana mara nne ya ule wa mwaka jana. Ongezeko halisi ni 30,000. Mihimili yote ianze sifuri, basi. Mstari wa salio la kila mwezi nao uanze sifuri, kwa sababu umbali wake kutoka sakafuni ndio hoja yenyewe.

Hatuna kompyuta wala projekta. Tufanyeje?

Bango kitita na kalamu za maka mbili, nyeusi na nyekundu, zinatosha, na katika ukumbi wenye mwanga wa jua zinaonekana kuliko projekta. Tumia rula na kipimo kisichobadilika, kwa mfano sentimita 1 kwa kila shilingi 100,000. Rambirambi itakuwa na urefu wa sentimita 34, viti 18, uendeshaji 3 na nusu hivi. Chora nyumbani siku moja kabla. Anayechora mbele ya watu huwapa mgongo, na mgongo wa mweka hazina haujengi imani.

Tarakimu zisiwe fupi kuliko urefu wa kidole gumba. Kaa kiti cha mwisho ukumbini ujaribu kusoma.

Na kwa wanachama walio mbali, wanaosoma kwenye simu?

Usiwatumie faili la Excel. Wengi watafungua na kukuta safu zimekatwa, au alama ##### mahali pa tarakimu kwa sababu safu ni nyembamba. Watumie PDF ya ule ukurasa mmoja, pamoja na mihimili ya maandishi kwenye ujumbe wenyewe, ambayo haihitaji kupakua kitu. Kwenye Excel au Google Sheets, kama kiasi kiko kwenye B2, andika:

```
=REPT("█",ROUND(B2/200000,0))
```

Kila kijiboksi ni shilingi 200,000. Baadhi ya kompyuta hudai nukta mkato badala ya mkato, kutegemea zilivyopangwa. Vuta fomula chini kwa vifungu vyote, nakili, kisha bandika kwenye WhatsApp. Jina liwe juu na mhimili chini yake, la sivyo kwenye skrini ndogo utavunjika mistari miwili:

```
Rambirambi 3,400,000
█████████████████
Viti vipya 1,800,000
█████████
Vifaa: matengenezo, usafiri 620,000
███
Mkutano mkuu 540,000
███
Wagonjwa 500,000
███
Uendeshaji 340,000
██
```

Utaona 620,000, 540,000 na 500,000 zote zimepata vijiboksi vitatu. Ndiyo bei ya kurahisisha, na ndiyo maana tarakimu kamili inabaki pembeni ya jina.

Maneno gani yaondolewe?

Yale ambayo ukimsimamisha mwanachama na kumuuliza maana yake atacheka. "Salio anzia" liwe "tulianza na". "Ziada ya mapato dhidi ya matumizi" iwe "iliyobaki baada ya matumizi". "Madeni yasiyokusanyika" yawe "fedha ambazo hatutegemei kuzipata tena". Neno "faida" liepukwe kabisa katika chama cha kusaidiana, kwa sababu mtu akilisikia ataanza kuuliza mgao.

Neno la kuogopwa kuliko yote ni "mengineyo". Likizidi kifungu chochote chenye jina, lifungue. Kwenye vifungu sita vya matumizi vya chama chetu halipo kabisa, na sioni hasara yake.

Tutaje tarakimu kwa makadirio?

Kwenye usemi na kwenye picha, ndiyo: "karibu milioni tatu na laki nne". Kwenye karatasi, hapana, hata kama salio linaishia na shilingi 37. Wapo wanachama wanaohifadhi karatasi za miaka mitano nyuma. Salio la kufunga la mwaka jana lisipolingana hadi shilingi na la kuanzia mwaka huu, mkutano wenu utaishia hapo.

Mwanachama ataaminije kwamba tarakimu ni za kweli?

Kwa kuonesha karatasi ambayo mweka hazina hakuiandika. Taarifa ya benki ya mwezi Desemba na taarifa ya miamala ya simu ya chama ziwe mezani, na mjumbe wa kamati ya ukaguzi, si mweka hazina, asome salio la kila moja kwa sauti.

Mara nyingi hazitalingana na daftari, na hilo peke yake si wizi. Tuseme taarifa ya benki inaonesha 4,680,000 wakati daftari linasema 4,730,000. Tofauti ya 50,000 ni fedha iliyohamishwa kutoka simu kwenda benki jioni ya tarehe 31 Desemba na kuingia tarehe 2 Januari. Andika sentensi hiyo kwenye ukurasa, chini ya salio la benki, pamoja na tarehe zote mbili. Tofauti iliyoandikwa na kamati ni maelezo. Ikigunduliwa na mwanachama ni kashfa.

Taslimu nayo ihesabiwe na watu wawili tarehe 31 Desemba na wote watie saini. Zile 25,000 ni kidogo, lakini ni sehemu pekee ya fedha ambayo haina taarifa ya benki wala ya simu.

Usomaji uchukue muda gani?

Dakika kumi na tano za kusoma, na angalau thelathini za maswali. Karatasi zigawiwe siku tatu kabla au wakati wa kuandikisha mahudhurio, ili wakati wa "yatokanayo" watu wawe wameshaipitia. Mweka hazina aanze na salio na mahali lilipo. Kisha picha ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kamati ya ukaguzi ifuate mara moja. Mwenyekiti asiruhusu chakula kugawiwa kabla ya maswali kwisha, na hili nalisema kwa sababu ni mbinu ya zamani ya kuyazima.

Kuna mtu atauliza jambo ambalo sina jibu lake. Nijibu nini?

"Sina stakabadhi hiyo hapa, nitaileta kwa kamati ya ukaguzi kabla ya Ijumaa." Katibu aandike kwenye muhtasari. Usikisie.

Tulikuwa na mwaka mbaya, salio limeshuka. Tuoneshe vilevile?

Vilevile, kwa mpangilio uleule na kipimo kilekile cha mwaka jana. Mwaka mbaya ndio ambao kamati hushawishika kubadili picha, na wanachama hulitambua hilo upesi kuliko wanavyotambua tarakimu. Ila tenganisha sababu. Salio lililoshuka kwa sababu misiba ilikuwa kumi na miwili ni chama kilichofanya kazi yake. Likishuka huku ada iliyolipwa imetoka shilingi 92 kwa kila 100 zilizotarajiwa hadi 70, chama kinaanza kuvuja, na hata mwaka usio na msiba hautakiokoa.

Sisi ni SACCOS. Haya yanatuhusu?

Kwa sehemu. Ushirika Tanzania una taratibu zake za ukaguzi, na wengi hukaguliwa na Shirika la Ukaguzi na Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, COASCO. Taarifa iliyokaguliwa ndiyo inayopitishwa na mkutano, na ukurasa wenu wa lugha nyepesi lazima unukuu tarakimu zake bila kubadilisha hata moja. Pia mna hisa, akiba na riba, kwa hiyo ile mistari sita haitatosha. Vivyo hivyo kwa jumuiya zilizosajiliwa kwa Msajili wa Jumuiya: ukurasa wa wanachama hauchukui nafasi ya taarifa ya mwaka inayopelekwa kwake.

Kosa likionekana baada ya mkutano?

Karatasi ya zamani isifutwe wala kufichwa. Toeni nyingine yenye tarehe mpya na mstari mmoja juu kabisa: "Imesahihishwa: faini ni 158,000, si 185,000. Salio la kufunga halibadiliki, kwa sababu 27,000 zilikuwa ada zilizoandikwa mahali pa faini." Mwenyekiti na kamati ya ukaguzi watie saini, nakala iende kwa wote waliopata ya kwanza, na ile iliyokosewa ibandikwe kwenye faili nyuma ya hiyo mpya. Kisha marekebisho yaingizwe kwenye ajenda ya mkutano unaofuata, kabla ya kitu kingine chochote cha fedha.